Ijumaa ya Kalamu

Nyumbani kwetu Ipagala Ijumaa zilikuwa za aina mbili: Ijumaa ya kalamu na Ijumaa tupu. Zilipokezana, wiki hii moja, wiki ijayo nyingine, na mama alizijua bila kutazama kalenda. Ijumaa ya kalamu aliamka amenuna. Hasemi na mtu mpaka baba arudi msikitini, avue kanzu, anawe mikono kwa sabuni, aseme, "Haya mama watoto, tuyamalize."

Kalamu yenyewe haikuwa ya kuandikia. Ilikuwa sindano iliyofichwa ndani ya plastiki, nene kuliko kidole gumba, dawa imeshajazwa tayari humo ndani. Unaigandamiza kwenye ngozi, unabonyeza, inajichoma yenyewe. Ilitengenezwa kwa watu wasiojua kuchoma sindano, na sisi ndio hao. Dawa ilikuwa ya baridi yabisi. Siyo ile ya wazee kulalamika magoti kipupwe kikipiga Julai. Hii ya mama ilikuwa mbaya: mwili wake wenyewe ulikuwa unavila viungo vyake, kuanzia vidole. Kabla ya kalamu hizo kuja, mama alikuwa hawezi kufungua mfuniko wa chupa ya maji wala kujifunga kanga ikakaza. Baada ya miezi kadhaa ya kalamu alirudi kukuna nazi. Siku alipokuna nazi nzima peke yake nililia jikoni, nikasingizia moshi.

Miaka ile soko huria lilikuwa limeshafungulia kila kitu. Mtaani kulikuwa na friji za mtumba kutoka Dubai, simu za mkononi mpaka kwa wauza nyanya, na maduka ya dawa kila kona. Lakini dawa ile haikuwa dukani. Mdogo wangu wa kiume alikuwa ameajiriwa ofisi za Bunge, na bima yake ya kazini ilimhesabu mama kama tegemezi wake. Kila mwezi kliniki moja ya Dar es Salaam ilitutumia kalamu mbili kwa basi, ndani ya kiboksi cha kutunzia baridi, na mdogo wangu alikwenda kuzipokea stendi na kuzileta haraka, kwa sababu dawa ile haikutaka joto la Dodoma. Zikifika zinawekwa kwenye friji, rafu ya katikati, mbali na ukuta wa nyuma. Mimi nilikuwa nimeachika, nimerudi kwa wazazi na cherehani yangu, kwa hiyo ulinzi wa friji ukawa wangu.

Baba ndiye aliyekuwa mchomaji. Vidole vya mama havikuwa na nguvu ya kubonyeza, na mimi sikuaminiwa. "Huyu hasira zake ziko puani," mama alikuwa akisema, "atanichoma kama anashona jinzi." Basi kazi yangu ilikuwa kutoa kalamu kwenye friji kabla ya baba kutoka msikitini, nikailaza juu ya kabati la chumbani, kivulini, na kifuniko chake, itoke ule ubaridi. Nusu saa hivi. Muuguzi wa kule kliniki alisema dawa ikiingia na baridi inauma maradufu. Mara ya kwanza nilipoona saa haziendi nikataka kuianika dirishani kwenye jua. Mama alinitolea macho!

"Umeambiwa jua? Umeambiwa maji ya moto?"

"Si nataka kuiharakisha tu, mama."

"Iache. Dawa si chapati."

Nikaiacha. Baba akija anatazama kwanza kidirisha cha kalamu kuona kama dawa ni angavu, haina machicha. Anampangusa mama paja kwa pamba ya spiriti, wiki hii la kulia, zamu ijayo la kushoto. Anaacha ngozi ikauke. Ndipo anavua kifuniko, anaisimamisha kalamu wima kabisa juu ya paja, anaigandamiza, anabonyeza. Ta! Hapo ndipo palikuwa na mtihani. Ule mlio watu wengi wanadhani ni mwisho, kumbe ni mwanzo. Dawa ndiyo kwanza inaingia, na ukiinua mkono imemwagika. Baba alifanya kosa hilo mara ya kwanza kabisa. Alisikia ta! akainua, dawa ikachirizika pajani mwa mama mpaka kwenye shuka, na mzee wa watu akabaki ameishika kalamu hewani, mdomo wazi. Tulipiga simu Dar kuuliza kama tumchome nyingine. Muuguzi akasema hapana, hatujui imeingia kiasi gani, subirini zamu yake.

Tangu hapo mama akaweka kipimo chake. Baba akibonyeza tu, mama alisoma Al-hamdu taratibu, aya kwa aya, na baba haruhusiwi kuinua mkono mpaka mama aseme amin na kidirisha kiwe kimejaa rangi ya njano yote, kimetulia. Halafu pamba, inabanwa bila kusugua. Halafu baba anaitumbukiza kalamu tupu kwenye galoni gumu la plastiki chini ya kitanda, na mama ananuna kidogo tena, kisha anaomba chai. Miaka miwili waliishi hivyo. Sikuwahi kuwaona wazazi wangu wakishikana mkono hadharani, lakini Ijumaa ya kalamu niliwaona, kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo, mkono wa baba ukiwa umetulia pajani kwa mama na mama akisoma.

Baba alikufa Alhamisi, moyo, dukani kwake, akiwa amekaa juu ya kiti chake. Ulikuwa msimu wa joto kabla ya mvua, vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye chumvi. Tukamzika Ijumaa. Ijumaa ya kalamu.

Wallahi hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka. Mwenye msiba kwetu hashiki kitu. Unakalishwa kwenye mkeka, unaegemezwa ukutani, na nyumba yako inachukuliwa na majirani. Wao ndio wanaojua chumvi iko wapi, wao wanapokea unga na mchele, wao wanafungua makabati yako na friji yako. Ukiinuka kwenda jikoni unavutwa kanga: kaa chini, wewe ni mfiwa. Ni heshima, na mimi hadi leo sijaona heshima kubwa kuliko hiyo. Aliyesimamia jiko letu alikuwa jirani yetu wa ukuta mmoja, mwanamke wa makamo yangu, mzaliwa wa Kibakwe kule milimani, aliyeolewa na seremala wa mtaani na kusilimu. Alikuja na sufuria zake mwenyewe kabla maiti haijafika nyumbani. Alipika siku zote tatu bila kukaa. Mama alikuwa akimwita mwanangu, na yeye hakuwahi kumpita mama bila kupiga goti na shikamoo.

Siku ya tatu tukasoma hitima, tukaanua tanga, watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Nilikuwa nakunja mikeka ndipo nilipomwona mama anajaribu kuchukua kikombe cha uji kwa viganja viwili, vidole vimenyooka havikunjiki, na uji unamtiririkia kifuani. Ijumaa! Nikatoka uani na simu, nikampigia muuguzi wa kliniki. Mama akanifuata nyuma akiburuza miguu.

"Mwambie tutalipa," mama alisema. "Zamu ijayo zichomwe mbili. Kama ninavyolipa swaumu."

Nikamwambia muuguzi hivyo hivyo. Akacheka kidogo, kwa upole, akanipa pole ya msiba, kisha akasema, "Hapana, dada. Hii hailipwi kama funga. Mchomeni leo hii hii, maana ndiyo mmekumbuka. Halafu zamu inayofuata mrudi kwenye Ijumaa yake ile ile ya siku zote, hata kama hazitakuwa wiki mbili kamili kutoka leo. Mbili kwa mpigo, kamwe."

"Na kama siku zimepita?"

"Zimepita chache tu. Hakuna lililoharibika."

Hakuna lililoharibika. Nilishusha pumzi. Nikamwambia mama akapumzike kitandani, leo mimi ndiye mchomaji, apende asipende. Nikaenda kwenye friji kutoa kalamu itoke ubaridi.

Rafu ya katikati kulikuwa na sufuria ya maharage. Nikahamisha maharage, nikahamisha madumu ya juisi ya ukwaju, nikapekua mpaka droo ya mboga. Hamna. Nikafungua friza juu, sijui hata kwa nini nilifungua. Chini ya mifuko ya nyama ya ng'ombe wa hitima, kile kiboksi cha dawa kilikuwa kimeng'ang'ania barafu. Nilikibandua kwa kisu. Kalamu zote mbili nilipoziinua nikazitazama kidirishani, dawa ilikuwa ngumu, nyeupe, imeganda.

"Nani kaweka hizi humu?" Nilipiga ukelele ambao waliobaki uani wote waliusikia. "Nani? Nani kagusa dawa ya mama?"

Shangazi yangu, aliyekuwa anaosha masahani, akageuka. "Si ni yule wa Kibakwe. Nyama ilijaa, akasema dawa ya mama isije ikaharibika na joto hili, akaiweka kwenye baridi kali zaidi. Kwani vipi?"

Nikampigia tena muuguzi. Safari hii hakucheka. Iliyoganda haitumiki, akasema. Hata ikiyeyuka. Hata ikiyeyuka ikawa angavu kama maji. Itupeni. Nikaziacha mezani bado, kwa ubishi wangu tu, na kweli kabla ya adhuhuri ziliyeyuka, na dawa ikawa safi, haina machicha, huwezi kuitofautisha na nyingine yoyote. Nilikaa nazitazama. Mama naye akaja akazitazama.

"Nichome tu," alisema.

"Mama, amesema ni sumu."

"Amesema sumu?"

"Amesema haifai."

"Basi si sumu."

Sikumchoma. Nilizitumbukiza kwenye galoni chini ya kitanda, juu ya zile tupu za baba. Kisha nikajitanda mtandio, nikavaa kandambili, nikaelekea mlangoni, na kila aliyeniona alijua ninakokwenda. Nilikuwa nakwenda ukuta wa pili. Maneno yalikuwa yameshajipanga mdomoni, makali, yote. Mama akasema nyuma yangu, si kwa sauti, "Rudi."

"Mama, ameua dawa yako! Hajui kusoma? Boksi limeandikwa!"

"Limeandikwa Kiingereza. Rudi ukae."

"Nimwambie tu ajue."

"Akijua itanisaidia nini mimi? Huyu amenipikia watu wangu siku tatu. Amewalisha waliomzika mume wangu. Siku ya malipo nikaulizwe nilimlipa nini, niseme nilimtuma mwanangu akamtukane?" Alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa kiganja. "Niapie hutamwambia. Na huyo shangazi yako naye aape, na wote waliosikia."

Tukaapa. Mimi niliapa nimekaza meno.

Nilidhani ni jambo la siku chache. Mdogo wangu akazunguka ofisi za bima mpaka viatu vikaisha. Bima ikasema kalamu za mwezi huo zimeshatolewa, hawawezi kutoa mara mbili bila kibali, na kibali kinatoka makao makuu. Kibali kilipotoka, kliniki ikasema shehena haijafika. Ijumaa ya kalamu ikapita. Ikaja tupu. Ikaja ya kalamu nyingine, nayo ikapita. Dawa za maumivu za vidonge zilimpunguzia kidogo, zikamchoma tumbo. Ugonjwa ulirudi kwa hasira, kana kwamba ulikuwa nje ya mlango miaka yote miwili. Viwiko vikavimba, magoti, vidole vikaanza kulala upande. Asubuhi alikuwa hawezi kujigeuza kitandani mpaka jua liwe juu.

Mama alikuwa kwenye eda. Hatoki, hajipambi, amekaa chumbani na nguo zake za kawaida na subira yake. Maumivu hakuyalalamikia. Alichokuwa anakihofia alikisema mara moja tu, akiangalia ukuta: "Nisije nikashindwa kujisitiri." Kujisitiri maana yake ni kwenda chooni na kujisafisha mwenyewe, kujimwagia maji mwenyewe, kujifunga nguo mwenyewe. Mwanamke aliyesali maisha yake yote, tohara yake iko mikononi mwake. Nilielewa, na ilinitisha.

Siku moja aliingia bafuni uani akakawia. Nikasubiri. Nikagonga. "Usiingie," akasema. Nikasubiri tena, nikasikia kopo linaanguka, linaokotwa, linaanguka. "Mama, nikusaidie? Mama?" Nikasikia analia. Mama yangu ambaye hakulia mbele za watu alipotolewa mumewe. Nilisukuma mlango, na yeye akapiga kelele, "Nimekwambia usiingie! Mimi ndiye niliyekuogesha wewe, usinigeuzie!" Akajifunika uso kwa mikono ile isiyofunga. Nilirudi nyuma nikafunga mlango, nikasimama uani kama mjinga. Sijawahi kujisikia sina maana hivyo.

Jirani alisikia kupitia ukuta. Alikuja na kanga mkononi, hakuniuliza chochote, akaingia bafuni. Nilisubiri afukuzwe. Hakufukuzwa. Nikasikia maji yanamwagika, na sauti yake ya kuvuta maneno ya kwao: "Taratibu mama, taratibu, nipe mguu huu." Walipotoka mama alikuwa amefungwa kanga safi, kichwa chini.

Baadaye nilimuuliza mama kwa nini yeye na si mimi. Akasema, "Yule hajawahi kuniogopa. Wewe utanikumbuka hivi." Basi ikawa hivyo, kila asubuhi, yule wa Kibakwe anakuja, anapiga goti, shikamoo mama, anamwingiza bafuni. Na mimi nakaa kwenye cherehani, nashona, nakata nyuzi kwa meno. Nilimchukia, astaghfirullah, nilimchukia na chai nilikuwa namtengenezea.

Hatimaye kalamu zilikuja, mvua zimeshaanza. Kwa kuwa zamu zilizokosekana zilikuwa nyingi, muuguzi hakutuachia tuamue. Alimpa simu daktari mwenyewe. Huyo akauliza kama mama ana kikohozi, homa, kidonda, maana dawa ile inapunguza kinga na haianzishwi tena juu ya maradhi. Hana, nikasema. Basi mwanzisheni upya Ijumaa hii, akasema, na hiyo ndiyo iwe Ijumaa yenu.

Niliitoa nikailaza kivulini, na kifuniko chake. Sikuiharakisha. Nilinawa mikono mara mbili. Nikapangusa paja la mama, lililokuwa limekonda, nikaacha likauke, nikaisimamisha kalamu wima, nikabonyeza. Ta! Mama akaanza Al-hamdu. Alipofika katikati sauti ikamkatika, na nikajua anakumbuka mkono wa nani ulipaswa kuwa pale. Nilishikilia tu. Nilishikilia mpaka njano ikajaa, na hata ilipojaa nilimsubiri amalizie, akamalizia, akasema amin.

Uvimbe ulipungua, siwezi kusema haukupungua. Usiku akawa analala. Lakini vidole vilivyolala upande havikuinuka tena. Daktari alisema kilicholiwa kwenye viungo hakirudi, na kwamba mara nyingine dawa hii ikikatizwa muda mrefu mwili unajifunza kuipinga, ikirudi haiwi na nguvu ile ya kwanza. Alisema kwa adabu, mimi nikamshukuru kwa adabu. Nazi mama hakukuna tena. Wala kopo la maji hakuliinua tena.

Eda ilikwisha. Asubuhi ya kutoka eda, mama aliogeshwa vizuri, na yule wa Kibakwe alikuwa anamwimbia nyimbo za kwao, anamtania kuwa sasa waposaji watapanga foleni. Mimi nilikuwa nje ya mlango wa bafu nimeshika taulo. Mama alicheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu msiba.

"Dada!" jirani aliniita kutoka ndani, maji yakimwagika. "Hizi sindano zenu za kizungu nazo! Mbona hazimsaidii mama kama mwanzo? Na nilivyozitunza siku ya msiba! Joto lile, nikaogopa zitaoza, nikazihamisha mwenyewe kwenye barafu. Hata asante hukunipa!"

Maji yakaacha kumwagika. Sikusikia mama akipumua. Mdomo wangu ambao haukuwahi kuwa na breki ulifunguka, kisha nikakumbuka kiapo.

"Asante, dada," nikasema.

"Haya, lete taulo," akasema. "Mama anahisi baridi."